Pilipili yangu imerudishwa na mwenye duka: nibadilishe etiketi au rangi ya kifuniko?

Mama_wa_Katuba
Salamu kwenu wote. Mimi ni mama wa hapa Lubumbashi, natengeneza pilipili ya kukaanga nyumbani. Miaka mingi niliuza kwa vikopo kwa majirani, na hakuna aliyelalamika. Mwezi uliopita nikaona niipe sura ya kisasa. Nikanunua chupa, nikachapisha etiketi, nikapeleka chupa 36 kwenye alimantasyon moja ya kule Golf. Wiki mbili hazijaisha, mwenye duka akanirudishia 11. Anasema wateja hawaiamini.

Nimefikiri ni etiketi. Ni nyekundu, ina picha ya pilipili na maandishi ya njano. Pengine nyeusi na dhahabu ingeonekana ya kizungu zaidi? Pia nasikia kuna ile plastiki inayobana shingo ya chupa, nataka kuiweka ili ionekane imetoka kiwandani. Mnasemaje?

Papa_Bukari
Nyeusi hapana, mama. Nyeusi ni ya matanga. Weka kijani.

Sabuni_ya_Ruashi
Dada, mimi natengeneza sabuni ya mawese na yaliyokupata yalinipata. Nilifunga sabuni kwenye nailoni siku ya 5, ingali mbichi, kwa sababu Jumamosi kulikuwa na harusi na niliahidi vipande 80. Kwenye nailoni ikatoa jasho, etiketi ikaloa, wino ukaingia kwenye sabuni, bibi harusi akaoga akatoka na mstari wa bluu begani. Tangu siku hiyo naziacha kwenye ubao wiki 4 hadi 6 ndipo nafunga, tena nafunga kwa ukanda wa karatasi katikati tu, ncha mbili zinabaki wazi. Mtu ananusa kabla ya kununua. Kwenye sabuni, pua ndiyo inayonunua.

Mama_wa_Katuba
Asante dada, lakini yangu inaliwa.

Fundi_Sosi
Mama, nimefanya kazi miaka 6 kwenye kiwanda cha sosi ng'ambo ya Kasumbalesa, upande wa kujaza chupa. Mwenye duka harudishi mzigo kwa sababu ya rangi. Rangi mbaya inabaki rafuni mpaka ishike vumbi. Hizo 11 zilirudi zikiwa na hali gani? Vifuniko vilikuwaje?

Mama_wa_Katuba
Zilikuwa za kawaida tu. Mbili tatu zilikuwa na mafuta kidogo kwenye kifuniko, etiketi ikaloa mafuta. Ndiyo maana nauliza habari ya etiketi.

Fundi_Sosi
Mafuta yametokaje ndani ya chupa iliyofungwa? Kitu kimeyasukuma. Ukifungua, inafanya "tsss"?

Mama_wa_Katuba
Sawa, niseme yote. Ndiyo, inafanya. Moja ilifunguliwa na mteja palepale kaunta, ikaruka mpaka kwenye shati lake. Lakini hiyo ni moja! Na joto la siku hizi kila mtu analijua. Pilipili ni ileile ya siku zote, kwenye vikopo haijawahi kunifanyia hivyo.

Yaya_Kemia
Hiyo imechacha. Dawa ni rahisi: tia benzoati ya sodiamu, kijiko kimoja kwa ndoo, hutaona povu tena. Viwanda vingi vinaitumia.

Fundi_Sosi
Yaya, umesema nusu. Benzoati inafanya kazi kwenye kitu kichachu tu. Ukiitia kwenye pilipili isiyo na siki ya kutosha ni sawa na kumwaga unga mtoni. Tena haipimwi kwa kijiko, inapimwa kwa mizani, kikomo chake ni gramu 1 kwa kilo. Na mama, kama etiketi yako imeandikwa "haina kihifadhi", ukiitia utakuwa umedanganya watu.

Nieleze unavyopika, na unavyojaza. Usiruke hatua.

Mama_wa_Katuba
Pilipili kilo 3, vitunguu kilo 1, vitunguu saumu robo kilo, chumvi, mafuta lita 1, na siki, ile vinegri ya dukani, kikombe kimoja kidogo. Siongezi, kwa sababu wateja wangu hawapendi uchachu. Vitunguu saumu navikata vipande, sivisagi, watu wanapenda kuviona. Napika kwenye mbabula kama saa moja, naacha ipoe usiku kucha, asubuhi najaza, juu namimina mafuta kidogo ing'ae. Nafunga, nageuza chupa kichwa chini kama wanavyofundisha kwenye video.

Na ndiyo, etiketi imeandikwa "haina kihifadhi, miezi 12". Nimeshachapisha 500.

Papa_Bukari
Miezi 12! Mimi mwenyewe sina uhakika wa miezi 12.

Fundi_Sosi
Kwa nini unaacha ipoe?

Mama_wa_Katuba
Kwa sababu chupa ni za plastiki, zile nzuri zenye mdomo wa kubonyeza. Mara ya kwanza nilijaza ya moto zikajikunja kama mzee aliyeketi, nikapoteza 9. Kwenye vikopo vya zamani nilijaza ikiwa moto. Lakini chupa hizi zinapendeza, na nimenunua 200, msiniambie nizitupe.

Fundi_Sosi
Basi tumefika. Shida yako ilianzia sokoni, siku uliyochagua chupa kwa macho.

Pilipili ya moto inafanya kazi mbili. Inakaa ndani kama chakula, na inaua vijidudu vya chupa na kifuniko. Kiwandani tulijaza ikiwa nyuzi 85 au zaidi, tunafunga papo hapo, tunalaza chupa dakika 2 au 3 ili ule moto uguse kifuniko. Ikipoa inanywea ndani, inavuta kifuniko cha bati, nacho kinabonyea katikati kama kitovu. Mnunuzi anakibonyeza kwa kidole: kikiwa kimya, chupa imefungwa vizuri, kikifanya "tik", hapana. Hiyo ndiyo alama ya kuaminika, na hakuna mchapishaji anayeweza kukuuzia. Wewe kugeuza chupa yenye pilipili baridi ni kuamkia kifuniko tu. Na usiku kucha kwenye sufuria, kila kitu kinachoruka hewani kimeingia.

Vikopo vyako vya zamani vilikuokoa kwa mambo mawili: vilijazwa moto, na viliisha ndani ya wiki moja. Dukani chupa inakaa.

Plastiki ya shingo haizuii hewa wala kuchacha. Inamwonyesha mtu kwamba chupa haijafunguliwa, basi. Iweke mwishoni, mambo ya ndani yakishanyooka.

Yaya_Kemia
Kwani mapovu yanaua? Bibi yangu alikula pilipili iliyochacha mpaka miaka 90.

Fundi_Sosi
Ya mapovu angalau inakupigia kelele. Ninayoogopa ni ile ya kimya. Vipande vya vitunguu saumu ndani ya mafuta, bila uchachu wa kutosha, bila hewa, kwenye joto la duka: hapo ndipo sumu ya botulini inapoweza kutengenezwa, na huenda isitoe harufu wala povu. Kipimo cha uchachu kinaitwa pH, namba ikishuka uchachu unapanda. Chini ya 4.6 kijidudu kinachotoa sumu hiyo hakikui, lakini wewe lenga chini ya 4.0, maana kipimo cha nyumbani hukosea. Pilipili mbichi na vitunguu viko juu ya hapo, kwa hiyo siki ndiyo mlinzi wako. Saga vitunguu saumu pamoja na siki kabla ya kupika, maana uchachu hauingii haraka ndani ya kipande, na mafuta hayauchukui kabisa. Pima kesho yake, si siku ileile. Ukiogopa uchachu, punguza makali yake kwa sukari kidogo. Ulimi utadanganyika, kipimo hakidanganyiki.

Mpelelezi_wa_Mtaa
Samahani, mimi naona uzi huu umetungwa. Kwanza ilikuwa "wateja hawaamini", kisha mafuta kwenye kifuniko, sasa shati la mtu limechafuka kaunta. Na kwa bahati tu akatokea fundi wa kiwandani anayejua kila kitu. Subirini, kesho mmoja wao ataleta namba ya simu ya kuuza chupa za kioo. Mwaka jana tulilizwa hapa hapa na "mjane wa asali".

Papa_Bukari
Mjane wa asali! Mimi nilimtumia dola 10.

Sabuni_ya_Ruashi
Hata mimi nilianza kushuku. Nani anapika saa nzima halafu anaacha wazi usiku?

Mama_wa_Katuba
Anayepika peke yake, umeme ukakatika saa 2 usiku, mtoto analia. Huyo ndiye anaacha. Ndugu Mpelelezi, njoo nikuonyeshe kanga niliyofutia kaunta ya yule mwenye duka. Nimeifua mara 3, doa la mawese halijatoka. Niliificha habari ya mapovu kwa sababu ya aibu. Ukishaitwa mama wa pilipili mtaa mzima, utasemaje kwamba pilipili yako inaruka?

Mpelelezi_wa_Mtaa
Ulisema mafuta lita 1, hukusema mawese. Nanyamaza, lakini naangalia.

Mama_wa_Katuba
Fundi, zile 11 nilizichemsha upya, nikazirudisha kwenye chupa. Si zinafaa?

Fundi_Sosi
Hapana. Mwaga, tena shimoni, mbali na kuku. Na zile 25 zilizobaki dukani, nenda kesho uzichukue kabla mtu hajanunua. Mwenye duka atakuheshimu kuliko ukimpelekea etiketi ya dhahabu.

Mama_wa_Katuba
Narudi baada ya siku 4. Nimechukua 22, 3 zilishauzwa, mwenye duka hajui kwa nani, tangu hapo silali vizuri. Vile vikaratasi vya kupimia vilichukua rangi ya pilipili, sikuona kitu. Mtoto wa jirani anayesoma chuoni akaniazimia kipimo cha umeme: pilipili ya zamani ilisoma 4.9. Nimepika kidogo, kilo 1, nikawa naongeza siki mililita 100, nakoroga, napima. Kesho yake ilisoma 3.8. Nimejaza moto kwenye chupa 6 za kioo zenye vifuniko vipya. Vifuniko vimebonyea vyote isipokuwa kimoja, pilipili ya chupa hiyo tumeila jana na bukari. Mume wangu anasema ni chachu. Mimi naona anazoea.

Fundi_Sosi
Vizuri. Weka 3 mahali penye joto, usiziguse wiki 3. Kila siku angalia kifuniko. Andika tarehe ya kupika kwenye kila chupa, ili moja ikiharibika ujue zipi za kuita. Etiketi ubandike chupa ikiwa baridi, imefutwa mafuta kwa maji ya sabuni. Na hiyo "miezi 12" ufute. Hujakaa nayo hata mwezi mmoja.

Mama_wa_Katuba
Etiketi 500 nizifute kwa kalamu? Itaonekana kama kitu cha kukopa. Nitafunika kwa stika ndogo ya tarehe. Halafu zile chupa 140 za plastiki zilizobaki?

Sabuni_ya_Ruashi
Mdomo wa kubonyeza, umesema? Mimi nimeanza sabuni ya maji. Utaniachia kwa franka ngapi?

Mama_wa_Katuba
Bei niliyonunulia.

Sabuni_ya_Ruashi
Dada, zinanuka pilipili.

Mama_wa_Katuba
Ni mpya! Hazijafunguliwa hata mfuko. Njoo Jumamosi, ulete pua yako.