Nimeamini "KD 6" nikapoteza wiki tatu na pesa: hizi namba za ugumu na idadi ya watafutaji zinatupoteza

Mchapaji_Dom (mleta uzi)

Wakuu, nina hasira na leo naitoa yote.

Nina tovuti ndogo ya mambo ya shule. Oktoba nililipia mwezi mmoja wa zana ya kutafutia maneno, jina lake sitalitaja. Nikaandika "matokeo ya kidato cha nne", nchi nikachagua Tanzania. Ikaniletea Volume, yaani idadi ya utafutaji, 40,000 kwa mwezi na KD, yaani ugumu wa neno, 6 kati ya 100. Rangi ya kijani, na pembeni wameandika kwamba neno hili ni rahisi.

Nikajaribu "matokeo kidato cha nne", "matokeo ya form four" na "matokeo form 4". Kila moja 40,000. Nikajumlisha, 160,000. Nikasema hata nikiambulia watu watano katika kila mia, hao ni 8,000 kwa mwezi. Kwa hesabu hiyo nikamlipa kijana laki moja na nusu aandike makala ndefu, na mimi mwenyewe nikakesha wiki tatu nikipanga majedwali ya shule mkoa kwa mkoa.

Matokeo yakatangazwa Januari. Search Console ya Google inaniambia hivi: ukurasa umeonekana mara 9,000, nafasi ya wastani 6.3, waliobofya 41. Arobaini na mmoja! Hata nusu asilimia haifiki. Katikati ya Februari kukawa kimya, na Machi nzima wamebofya wawili.

Ningeshindwa kuingia ukurasa wa kwanza ningenyamaza, ningejua sina uwezo. Lakini niliingia! KD ilisema rahisi na kweli niliingia, halafu sikupata watu. Sasa namba hizi zinapima nini? Mtu anakuuzia kipimo, unapima, unakata kitambaa, nguo haikuingii. Nataka mwenye kujua anieleze, na asiniambie nivumilie.

Kijana wa Ubungo

Pole mkuu. Kosa lako ni kulipia zana za nje. Hao wote wanakisia, mwenye namba ni Google. Fungua Keyword Planner, ni bure, angalia safu ya Competition. Ikiandikwa Low unaingia bila wasiwasi, ikiandikwa High unaachana nayo. Mimi nafanya hivyo mwaka wa tatu sasa.

Nahodha_Tanga

Kijana wa Ubungo, nusu ya maneno yako ni kweli na nusu itamtumbukiza mtu shimo lingine. Keyword Planner ilitengenezwa kwa ajili ya wanaonunua matangazo. Safu ya Competition inakuonyesha jinsi watangazaji wanavyogombania neno hilo. Haikwambii lolote kuhusu ugumu wa makala kupanda. Neno likiwa Low huenda maana yake ni kwamba hakuna mtu wa kulilipia tangazo, basi. Halafu kama akaunti yako haina matangazo yanayolipiwa, unapewa masafa mapana tu, kama 1K – 10K. Kati ya elfu moja na elfu kumi kuna tofauti ya mara kumi, utapangaje kazi kwa hiyo?

Sasa mleta uzi. Nimesoma kwa makini na hasira yako naielewa, ila naona umekwama mahali patatu tofauti, na KD ni mahali pamoja tu kati ya hapo.

Tuanze na hiyo 160,000. Usijumlishe kabisa. Google wana tabia ya kuyaweka maneno yanayofanana sana kwenye kapu moja na kuyapa namba moja, na zana nyingi huchota humo. Ukiona maneno manne yana namba ileile mpaka sifuri ya mwisho, hao karibu hakika ni watu walewale uliowahesabu mara nne. Ulikuwa na 40,000, hukuwahi kuwa na 160,000.

Na hiyo 40,000 ni wastani wa miezi 12, tena imekadiriwa. Neno lako lina msimu mfupi mno. Mtihani ni Novemba, matokeo Januari, na zogo lote ni siku chache. Tuseme wastani ni 40,000, kwa mwaka ni 480,000. Kama 400,000 ya hao wanatafuta mwezi wa matokeo, miezi 11 iliyobaki inagawana 80,000, yaani kama 7,000 kila mmoja. Mgawanyo huu nimeubuni ili uone hesabu inavyokwenda. Umbo halisi utaliona Google Trends ukichagua Tanzania na miaka 5: mlima mwembamba kila Januari, kwingine tambarare. Trends haitoi idadi ya watu. Inakupa kipimo cha 0 hadi 100, ila kwa kujua msimu inatosha.

Sasa KD. Kila zana ina kanuni yake, ndiyo maana neno moja linaweza kuwa 6 huku na 35 kule. Ahrefs, kwa mfano, wanaeleza wazi kwamba KD yao inatokana na idadi ya tovuti zinazoelekeza viungo kwenye kurasa kumi za juu. Fikiria hilo kwa Kiswahili. Nani kwetu anaweka viungo? Watu wanatumiana WhatsApp. Kwa hiyo karibu kila neno la Kiswahili litakuja na KD ya chini, hata pale kurasa za juu zinapokuwa imara kama mwamba. Sita yako ilisema kurasa zile hazina viungo vingi. Haikusema lolote kuhusu anayetafuta anataka nini.

Na hapo ndipo ulipoumia. Anayeandika "matokeo ya kidato cha nne" hataki makala. Anataka orodha ya shule kwenye tovuti ya NECTA, aione namba yake ya mtihani. Ukiwa wa sita chini ya necta.go.tz, wewe ni duka la soda pembeni ya mlango wa uwanja wakati mechi imeshaanza. Hakuna anayesimama.

Hata hiyo 6.3 iangalie vizuri. Wastani unahesabiwa kwa zile mara ulizoonekana tu. Umeonekana mara 9,000 kwenye neno la maelfu mengi kiasi kile, kwa hiyo watafutaji wengi hawakukuona kabisa.

Mchapaji_Dom

Nahodha, asante, lakini umeniongezea hasira. Kumbe namba zote tatu zilikuwa sahihi kwa maana yao na mimi nikazisoma kwa maana yangu. Mbona hawaandiki pale pale penye rangi ya kijani kwamba hii ni hesabu ya viungo tu? Wameandika "rahisi". Rahisi kwa nani?

Nahodha_Tanga

Hapo niko upande wako. Neno "rahisi" halikustahili kuwepo.

bintiwaKigoma

Samahanini, mdogo wangu amesahau namba yake ya mtihani, na kwenye orodha ya shule hakuna majina. Nitayaangaliaje matokeo yake?

Kijana wa Ubungo

Dada, uzi huu hauhusu hilo, ila mpigie mwalimu wa taaluma shuleni kwake, wanayo orodha ya namba.

Bi_Mapishi_Kisauni

Hamjambo wanangu. Mimi ni wa mapishi na yangu ni kinyume kabisa. Nilitaka kuandika mbaazi za nazi zinavyopikwa na kuliwa na mahamri asubuhi. Mwanangu akaangalia kwenye hiyo zana yao akaniambia, mama, Volume ni 0, usijisumbue. Nikaandika kwa sababu watu walikuwa wakiniuliza. Leo ndio ukurasa unaoniletea watu kupita zote. Sasa nambieni, hao watu watoka wapi kama ni sifuri?

Nahodha_Tanga

Shikamoo Bi. Watu wako wapo, ila kila mmoja anaandika kwa njia yake. Mmoja "mbaazi za nazi", mwingine "mbaazi za mahamri", mwingine "jinsi ya kupika mbaazi". Zana inahitaji maneno yaleyale yajirudie kiasi fulani ndipo iyahesabu, na data ya Kiswahili ni chache, kwa hiyo inaandika 0. Ukifungua Search Console, kwenye Queries, utakuta maneno kadhaa, kila moja na watu wachache. Sifuri ile ina maana zana haijaona.

Bi_Mapishi_Kisauni

Marahaba. Basi nisiziangalie kabisa?

Kijana wa Ubungo

Hapana Bi, hapo nabisha. Mimi nimeandika makala zaidi ya 20 za "Volume 0" na nyingi kweli ni sifuri mpaka leo. Wewe ulikuwa na watu wanaokuuliza. Mtu asiye na anayemuuliza akifuata njia hiyo atalima jangwani.

Nahodha_Tanga

Sina jibu la kulimaliza hilo. Kuulizwa na watu ni dalili nzuri, ila sijui kanuni ya kutenganisha sifuri yenye watu na sifuri tupu kabla ya kuandika.

Ninachofanya mimi kabla ya kugusa kalamu ni kufungua dirisha la faragha na kuutazama ukurasa wenyewe kama mtu aliye Tanzania:

```
https://www.google.com/search?q=matokeo+ya+kidato+cha+nne&gl=tz&hl=sw
```

Nasoma zote kumi, moja moja. Kama wa kwanza ni taasisi yenyewe inayotoa kitu kinachotafutwa, naondoka hata KD iwe 0. Kama jibu limeshaandikwa juu kabisa na mtu hana haja ya kubofya, naondoka pia. Ninabaki nikiona majibu ya juu hayatoshi: uzi wa zamani, video isiyojibu swali, ukurasa wa miaka iliyopita ambao mambo yake yamebadilika.

Mchapaji, wewe una wasomaji walewale, umewasubiri mlango usio wao. Mtoto akishaona ana daraja la tatu, pointi 24, anarudi Google na maswali mengine. Pointi 24 zinanipeleka tahasusi gani? Selform ya TAMISEMI nabadilishaje chaguo langu? Hapo anataka maelezo, na orodha ya matokeo haimpi. Andika "daraja la tatu pointi 24" kwenye anwani ile, tazama wanaojitokeza.

Mchapaji_Dom

Nimetazama sasa hivi. Juu kuna mijadala miwili ya watu wanaoulizana, na mmoja haujajibiwa hata kidogo. Zana yangu inasema Volume 10.

Nimechungulia pia Search Console. Katika wale 41 waliobofya, 17 walikuja kwa maneno yenye "pointi" au "tahasusi" ndani yake, wakati makala ilitaja tahasusi aya moja tu huko mwisho. Hiyo aya niliiandika mwenyewe saa sita usiku bila kuangalia namba yoyote.

Swali langu la mwisho: ule ukurasa wa zamani niufute, au niugeuze uwe wa tahasusi kwa anwani ileile?

Kijana wa Ubungo

Futa, anza upya. Anwani yenyewe ina neno "matokeo".

Nahodha_Tanga

Mimi nisingeufuta. Hao 17 wanaingilia hapo hapo. Andika wa tahasusi kivyake, weka kiungo juu kabisa ya ule wa zamani, halafu lete namba hapa Selform ikishafungwa.