MREJESHO: Ripoti ya zamu iliyokataa kujumlika

Niliuliza hivi: "Wakuu, nasimamia zamu kiwanda cha sembe hapa Mbeya. Hesabu ya mifuko haiendani na muda mashine iliofanya kazi. Naibiwa au nakosea kuandika?"

Siibiwi. Mlionishauri nigeuze mifuko kuwa dakika, asanteni sana.

Mashine hufunga mifuko 20 ya kilo 2 kwa dakika. Zamu ni dakika 480. Nikatoa 30 za chakula na 40 za umeme kukatika, zikabaki 410, yaani mifuko 8,200. Stoo ilipokea 7,000, mibovu 180. Iliyopotea ni 1,020, sawa na dakika 51.

Kesho yake nikamwambia opereta apige kistari kila mashine inaposimama, hata dakika moja. Vistari 16, jumla dakika 49! Daftari letu lilitaka tuandike kusimama kwa kuanzia dakika 10 tu, kwa hiyo hakuna aliyedanganya.

Karibu kila kistari kilikuwa cha kufuta unga kwenye vyuma vya moto vinavyoziba mfuko. Unga ulichelewa kushuka, ukabanwa kwenye mshono. Mibovu nayo ilivuja hapohapo. Ukiuminya mfuko mbovu, unga unapulizika pembeni. Fundi akarekebisha muda wa kushusha unga. Jana mibovu 62, vistari vitano.

Kaunta ya mashine nimeacha kuiamini, inahesabu hata mfuko mtupu. Naandika ya stoo. Bosi kauliza mbona safu ya kusimama imejaa ghafla, nikamwonyesha vistari.