Msaada: kutoa nyonyo kwenye picha ya mtoto bila mdomo kuonekana wa kubandika

PichaKwanza:
Wakuu habari. Nina picha ya mtoto wa miezi saba ambayo imetoka vizuri kuliko zote za siku ile: macho yako wazi, anaangalia kamera, mwanga wa dirisha unatokea kushoto. Tatizo ana nyonyo mdomoni, ile ya plastiki ya bluu, imemfunika kuanzia chini ya pua mpaka kidevuni. Wazazi wanataka hiyohiyo ikuzwe iwekwe ukutani, ila nyonyo isiwepo. Ninayo nyingine iliyopigwa muda mfupi baadaye, palepale. Haina nyonyo, lakini macho kayafumba nusu, kidevu kimelowa udenda na pembeni ya mdomo kuna chakula cha rangi ya chungwa. Natumia Photoshop. Nianzie wapi ili asitoke kama mwanasesere?

Mama_Tulivu:
Pole ndugu. Wa kwangu nilimpunguzia taratibu, kwanza mchana, usiku baadaye. Usimnyang'anye ghafla, mtakesha.

PichaKwanza:
Asante dada, ila huyu namnyang'anya kwenye kompyuta tu 😀

JichoKali:
Mbona rahisi. Shika `Spot Healing Brush` ikiwa kwenye `Content-Aware`, pitisha juu ya chakula na udenda, kwisha kazi. Nyonyo nayo izungushie `Lasso`, nenda `Edit > Fill`, chagua `Content-Aware`. Programu itajaza yenyewe.

MzeeWaLeya:
JichoKali, kwa kipunje cha chakula kilichokaa peke yake katikati ya shavu uko sahihi. Kwa nyonyo hapana. `Fill` inaokota vilivyomo kwenye picha, na kwenye picha hiyo hakuna mdomo wa kuokota, kwa hiyo itakujazia shavu mahali pa midomo. Na ukingoni mwa mdomo `Spot Healing Brush` inavuta wekundu wa mdomo na kuumwaga kwenye ngozi. Utajua pale mstari wa mdomo unapogeuka ukungu wa waridi.

PichaKwanza, mdomo utoe kwenye ile picha ya pili. Kwanza angalia kama zinapatana. Tazama matundu ya pua: kama kwenye moja unayaona yote mawili sawasawa na kwenye nyingine moja limejificha, kichwa kimegeuka, na hapo usijisumbue. Kichwa kikiwa kimeinama tu kuelekea bega, hilo linanyooshwa kwa kuzungusha.

Zikipatana, weka ya pili juu kama leya, shusha `Opacity` hadi 50%, bonyeza `Ctrl+T`. Umbali kati ya kona za ndani za macho ndio kipimo chako cha ukubwa; hata macho yakiwa nusu wazi, kona hazihami. Kisha linganisha mbawa za pua. Kidevu usikitumie kabisa, maana mtoto anaponyonya taya linapanda na kushuka.

Rudisha `Opacity` 100%, weka maski nyeusi, fungua kwa brashi laini, `Hardness` 0%. Hapa ndipo wengi huchukua midomo peke yake, na mdomo unakaa kama stika. Anayenyonya mashavu yake yana umbo jingine, midomo yake imesogea mbele. Chukua eneo lote: chini ya pua, mashavu ya pembeni ya mdomo, kidevu mpaka kinapokutana na shingo. Mshono wa mashavuni uwe mpana, maana pale rangi inabadilika taratibu. Wa chini ya pua uwe mwembamba, upite kwenye kivuli cha pua.

Kivuli_Cha_Mchana:
Naongezea: plastiki ya bluu itakuwa imemwaga rangi yake kwenye ngozi. Nyonyo ikishaondoka, chini ya pua patabaki na ubluu, watu watadhani mtoto ana baridi. Leya mpya tupu, modi `Color`, okota rangi ya shavu safi la upande uleule wa mwanga, paka kwa `Opacity` ya 10 hadi 15. Modi hiyo haigusi mwanga wala vinyweleo, inabadili rangi tu. Doa la chungwa la chakula nalo linatoka hivyohivyo, kama limebaki rangi bila unene. Kikiwa bado kimegandamana, hiyo haitoshi, funika kwa `Clone Stamp`.

PichaKwanza:
Matundu ya pua yamelingana. Sasa udenda. Unang'aa kuanzia mdomo wa chini mpaka kidevuni, na nikiupunguza mwanga kwa `Burn` unakuwa kijivu.

MzeeWaLeya:
Lazima uwe kijivu. Mng'ao ule umeungua, hakuna ngozi chini yake, na `Burn` inatia giza kwenye weupe mtupu. Unachotaka ni kuleta ngozi ya jirani. Leya tupu, `Clone Stamp`, `Sample` iwe `Current & Below`, `Mode` iwe `Darken`, `Opacity` 25%. Okota ngozi iliyo umbali uleule kutoka upande wa dirisha, kisha gusa, inua, gusa tena. Modi hiyo inabadili palipo peupe kuliko ulipookota, kwingine inapaacha.

Udenda una sehemu mbili, na watu huona moja. Pembeni ya mng'ao kuna mstari mweusi mwembamba, kivuli cha maji yenyewe. Ukitoa mng'ao ukauacha mstari huo, kidevu kinaonekana kimekwaruzwa. Huo ugeuzie `Lighten`, nguvu ileile.

Ukifika karibu na mdomo, zungushia ngozi kwa `Lasso` ukiishia mpakani mwa mdomo, `Feather` pikseli 2, ndipo usafishe. Rangi ya mdomo haitavuka. Halafu usikaushe mdomo wote: alama ya mwanga kwenye mdomo wa chini ibaki, ndogo, upande wa dirisha. Na kile kijilengelenge cha kunyonyea katikati ya mdomo wa juu, kama anacho, kiache. Mama yake anakijua.

Kivuli_Cha_Mchana:
Mimi ningesafisha ile picha ya pili kwanza, kabla ya kuihamisha. Ukishaizungusha na kuikuza, vinyweleo vimelainika.

MzeeWaLeya:
Sikubaliani. Ukisafisha kabla, hujui utahitaji wapi. Mimi naunganisha, ndipo nasafisha juu ya leya zote. Ulaini unaurekebisha mwisho: `Filter > Noise > Add Noise`, 1% au 2%, `Gaussian`, weka tiki `Monochromatic`, kwenye kile kipande tu.

Kivuli_Cha_Mchana:
Kila mtu na mkono wake. Mimi nabaki na yangu.

Nuru_ya_Asubuhi:
Jamani mimi picha ni moja tu, hakuna ya pili. Ila mtoto ana pacha wake wanaofanana sana. Naweza kutumia mdomo wa pacha?

JichoKali:
Tumia tu, nani atajua?

Mama_Tulivu:
Mama atajua. Nina mapacha.

MzeeWaLeya:
Kiufundi inawezekana kama mwanga na pembe vinafanana. Lakini waulize wazazi kwanza. Ukikosa ruhusa, acha nyonyo, ifute mikwaruzo, ipunguze ukali wa rangi kwa `Hue/Saturation`, macho ndiyo yatatazamwa.

PichaKwanza:
Nimeunganisha. Mdomo umekaa, udenda umetoka, nimeacha alama ndogo ya mwanga. Kimebaki kitu kimoja: nikiitazama ikiwa ndogo ni sawa, nikigeuza kwa `Flip Horizontal` shavu la kulia linaonekana limevimba, na kuna kama duara hafifu.

MzeeWaLeya:
Duara ni alama ya ukingo wa nyonyo iliyobaki kwenye ngozi ya picha ya kwanza, nje ya maski yako. Panua maski mpaka ulimeze. Kabla ya hapo weka leya ya `Black & White` juu ya zote, utaliona vizuri maana wekundu hautakudanganya. Uvimbe ukibaki baada ya hapo, `Liquify`, brashi kubwa kuliko shavu lenyewe, sukuma kidogo kuelekea ndani. Tuwekee kipande cha shavu hilo tukione.