Naomba ushauri: maswali ya ufafanuzi kabla ya kuamua kuomba zabuni

Wakuu, habari za kazi. Kampuni yetu ndogo ya kuchimba visima imealikwa na shirika moja kuleta pendekezo la visima vitatu mkoani Dodoma. Hati inataka bei moja kwa kila kisima, lakini haina ripoti ya upimaji wa maji ardhini, wala haisemi nani atabeba gharama kisima kikitoka kikavu. Kwangu hilo ndilo linaloamua kama tuingie au tuache. Mwisho wa kuuliza ni Ijumaa, na majibu yatatumwa kwa waombaji wote bila kumtaja aliyeuliza. Nimeandika: "Kisima kikikosa maji mahali mlipotuonyesha, mtalipia mita zilizochimbwa?" Je, nipendekeze hapohapo malipo ya kila mita, au niliweke kwenye zabuni yetu tu, wapinzani wasilione?