Tupeane uzoefu: biashara ya mtu mmoja, ukurasa kubaki na sura ileile

Fundi_Mikoba: Wakuu, leo mteja wangu wa zamani kaniuliza, "Huu ukurasa bado ni wako au umeuza?" Nikapitia posti zangu. Bluu ya nembo haifanani, maandishi kila moja na staili yake. Nashona peke yangu, naposti usiku nimechoka. Mnafanyaje wenzangu?

Sabuni_Asilia: Yaleyale kwangu.

Mchora_Mabango: Bila shaka nembo unaikata kwenye picha iliyopita WhatsApp. Picha ikitumwa kama picha inabanwa, kingo za herufi zinachafuka. Ukiipiga skrinishoti na kuituma tena, inazidi kuharibika. Tafuta faili la kwanza, PNG isiyo na usuli, na ukilituma litume kama dokumenti. Bluu nayo usiichague kwa macho. Andika msimbo wake mahali, mfano #1F4E79, uuingize kila unapotengeneza tangazo. Halafu tengeneza kiolezo kimoja cha pikseli 1080 kwa 1350, nembo kona ileile, fonti ileile. Usiku unabadilisha picha na maneno tu.

Mzee_wa_Picha: Rangi si tatizo. Posti kila siku, ukiruka siku moja umezikwa.

Sabuni_Asilia: Kila siku na nani, kaka? Mimi nakaa mara moja kwa wiki, napanga posti mbili kwenye Meta Business Suite, zinatoka zenyewe Facebook na Instagram. Wateja wapo.

Mzee_wa_Picha: Wangekuwa wengi zaidi.

Dada_Misuko: Acheni ubishi, mimi yalinikuta. Nilibadilisha jina la akaunti, nembo na picha ya wasifu kwa mkupuo. Tapeli akafungua akaunti kwa jina langu la zamani, akaweka nembo yangu ya zamani na picha za kazi zangu. Wateja wakaniona mimi ndiye feki! Mmoja alimtumia malipo ya awali, akaja kwangu analia. Niliripoti akaunti ile kwamba inajifanya mimi, nikawaomba wateja nao waripoti. Ilichukua muda kufungwa, na huku simu za lawama zinapigwa kwangu.

Sabuni_Asilia: Pole sana dada. Malipo yalirudi?

Dada_Misuko: Hayakurudi. Nilimhudumia bure yule mteja. Ukibadilisha kitu, badilisha kimoja, utangaze kabla, na jina la zamani ulitaje kwenye maelezo ya wasifu kwa miezi kadhaa.

Duka_Jipya: Samahani, nembo nzuri inatengenezwa kwa shilingi ngapi?

Mzee_wa_Picha: Fungua uzi wako, ndugu.

Fundi_Mikoba: Dada umenitisha, nilikuwa nabadilisha jina kesho. Mchora, aliyenichorea nembo hapatikani tena. Nimebaki na kadi zilizochapishwa tu.

Mchora_Mabango: Skani kadi, mtu aichore upya juu yake. Ila rangi usiipime kwenye karatasi, wino na skrini havilingani. Chagua bluu moja kwenye skrini, ndiyo iwe yako kuanzia sasa.

Dada_Misuko: Na jina usiliguse kwanza!