Msaada: nukuu 61 za mahojiano, sura ya nne haijawa matokeo

Mwanagenzi_Moro
Wakuu, habari za humu. Nipo shahada ya pili, afya ya jamii. Nimewahoji kina mama 14 kuhusu kuchelewa kuanza kliniki ya wajawazito, yaani baada ya wiki ya 12, ilhali mwongozo wa WHO wa 2016 unataka hudhurio la kwanza liwe ndani ya hizo wiki 12. Nimeziandika sauti zote neno kwa neno, nina misimbo 23 na vipande 61. Sura ya nne nimeipanga kwa vichwa tisa: uelewa, uchumi, mila, mfumo dume, umbali, huduma, n.k. Chini ya kila kichwa nimeweka nukuu sita au saba. Msimamizi ameirudisha na sentensi moja: "Hii ni orodha ya nukuu, siyo matokeo." Nianzie wapi?

Mifano ya vipande:

Mama 03: "Nilijua nina mimba tangu mwezi wa pili, ila kliniki wanataka uende na baba mtoto. Yeye yuko Mirerani machimboni. Nikasubiri arudi. Amerudi mimba ina miezi mitano."

Mama 05: "Nilikuwa nimetoka kwenye sindano ya uzazi wa mpango, siku zangu zilishavurugika. Ningejuaje?"

Mama 08: "Nilienda peke yangu, nesi akasema rudi na mwenzako au lete barua ya mtendaji."

Mama 11: "Mimba changa haitangazwi. Watu wana macho."

Mama 12: "Mimi nilienda mwezi wa pili. Ya kwanza iliharibika, nisingeweza kusubiri."

TakwimuKwanza
Rahisi sana mkuu. Hesabu kila msimbo umetajwa mara ngapi, toa asilimia, chora jedwali. Wenye asilimia kubwa unatangulia, mdogo unakuwa wa mwisho. Ukiweka kwenye SPSS ni dakika kumi. Pia 14 ni wachache, ongeza wafike walau 100.

Karani_wa_Sura_ya_Nne
@TakwimuKwanza hapo umejibu swali la dodoso. Watu 14 ukiwageuza asilimia, mama mmoja anakuwa asilimia 7, na msomaji anadhani umepima kitu. Tena kutajwa mara nyingi kunategemea kama uliuliza. @Mwanagenzi_Moro, kwenye mwongozo wako wa maswali kuna swali la nauli?

Mwanagenzi_Moro
Lipo. "Je, nauli ya kwenda kliniki ni tatizo?" Wamejibu ndiyo 9.

Karani_wa_Sura_ya_Nne
Basi hao 9 wamejibu ulichowatia mdomoni. Nani aliitaja nauli kabla hujaiuliza? Hao ndio wana uzito, hata kama ni wawili.

Sasa tuje kwenye vichwa vyako tisa. "Uchumi", "mila", "huduma" ni majina ya makabati. Ukiandika "Uchumi" hujaniambia uchumi umefanya nini. Dhamira ni sentensi ambayo mtu anaweza kuibishia. Kipimo changu ni kuweka mbele yake maneno "Mahojiano haya yanaonyesha kwamba...". Kama hakuna kinachofuata baada ya "kwamba", bado una kabati.

Chukua Mama 03. Umemweka wapi?

Mwanagenzi_Moro
Mfumo dume. Nimempa msimbo "mume hayupo".

Karani_wa_Sura_ya_Nne
Soma tena polepole. Amesema mume alimkataza? Hapana. Amesema kliniki inataka aende naye. Mume angekuwa Mirerani mwaka mzima, na kliniki isingedai aje, mama huyu angekwenda mwezi wa pili. Kilichomchelewesha ni sharti la kwenda na mwenza, ambalo vituo vingi hulisimamia kwa ajili ya kupima VVU pamoja. Ni ndugu wa Mama 08 aliyerudishwa akatafute barua. Mmoja alirudishwa getini, mwingine alijirudisha akiwa nyumbani kwa sababu analijua geti. Hao wanakaa pamoja, na kichwa chao kinaandikika: "Sharti la mwenza linawarudisha hata walio tayari."

Msimbo wa "mume hayupo" umekupoteza kwa sababu unataja mtu badala ya kutaja kilichotokea. Rudi kwenye misimbo yote 23, na ile iliyo nomino tupu iandike upya kwa kitenzi: "anasubiri mwenza ili apokelewe", "anaficha mimba changa", "hajui kwa kuwa siku zimevurugika". Utashangaa jinsi itakavyoanza kujipanga yenyewe.

BodaResearch
Samahani kuingilia uzi. Mimi nina mijadala ya vikundi, madereva bodaboda wanane kila kikundi, na sijui nani kasema nini maana walikuwa wanaongea pamoja. Nukuu naiwekea namba gani?

Karani_wa_Sura_ya_Nne
@BodaResearch andika kikundi, usibuni mtu: "Kikundi cha 2, dereva wa kiume". Kama wengine walimdakia, weka mazungumzo yenyewe kwa mistari miwili mitatu, kwa sababu katika kikundi kule kudakiana nako ni data. Mengine fungua uzi wako, tusimchanganye mwenzio.

Bi_Fasiri
Mwanangu Mwanagenzi, tasnifu unaandika kwa Kiingereza?

Mwanagenzi_Moro
Ndiyo mama. Nilitafsiri transkripti zote kwanza, ndipo nikaweka misimbo.

Bi_Fasiri
Ndiyo maana Mama 11 amekuponyoka. "Watu wana macho" ukiitafsiri neno kwa neno, mtahini atafikiri watu wanaona tu. Anachosema ni kijicho: mimba ikijulikana mapema itadhurika. Huenda kwenye tafsiri yako umempa msimbo wa aibu, na kwenye Kiswahili hakuna aibu pale. Weka misimbo kwenye Kiswahili, tafsiri zile nukuu utakazozitumia tu, na maneno ya asili yabaki kwenye kiambatisho au chini ya tafsiri. Halafu mpe mtu mwingine azirudishe kwa Kiswahili uone kama zinafika palepale zilipotoka.

Mwanagenzi_Moro
Ni kweli, nilimwandikia "aibu". Nimerudia yote kwa Kiswahili, vichwa tisa vimebaki vitatu: (a) sharti la mwenza linawarudisha walio tayari, (b) mimba inachelewa kutambuliwa, (c) mimba inajulikana lakini inafichwa au inasubiri nauli. Nitangulize (a)? Ndiyo yenye vipande vingi.

Karani_wa_Sura_ya_Nne
Mpangilio usiufuate wingi. Ukianza na (a), msomaji anafika getini kabla mama hajajua kuwa ana mimba. Mfuate mama mwenyewe: kwanza hajui (b), kisha anajua na ananyamaza au anatafuta nauli (c), mwisho anaondoka nyumbani na kurudishwa (a). Hapo kila sehemu inaibua swali ambalo inayofuata inalijibu, na lile lenye nguvu zaidi linakuja mwisho, msomaji akiwa amekwishaona kwamba wengine walikuwa tayari kuanza. Huo mpangilio utaje kwenye aya ya kwanza ya sura, sentensi mbili zinatosha.

Ndani ya dhamira, aya iende hivi: dai lako, nani wanalisema na kwa namna gani wanatofautiana, nukuu, halafu sentensi inayoonyesha ndani ya nukuu kuna nini. Hiyo ya mwisho ndiyo inayokosekana kwako kote. Nukuu mbili kwa kila wazo zinatosha, kwa sura nzima hazitazidi 15. Zile 46 zinabaki kwenye jedwali lako, hazijapotea.

Na kabla ya kuchagua, hesabu kila mama amepata nukuu ngapi.

Mwanagenzi_Moro
Mama 03 anazo saba 🙈 Mama 02, 06 na 14 hawana hata moja.

Karani_wa_Sura_ya_Nne
Ndivyo inavyokuwa kwa mhojiwa mwenye ulimi mzuri. Mpunguzie zibaki mbili. Wale watatu si lazima wapewe nukuu, ila soma maandishi yao tena, maana asiyesema kwa ufasaha huwa amebeba kitu kile kile kwa maneno mafupi.

Mwanagenzi_Moro
Nimejaribu aya moja, naomba mnikosoe:

"Wanawake wengi walichelewa kwa sababu ya sharti la mwenza. Mmoja alisema: 'Nilienda peke yangu, nesi akasema rudi na mwenzako au lete barua ya mtendaji.' (Mama 08, miaka 21, mke wa mwalimu, mama wa mapacha). Hii inaonyesha kwamba sharti la mwenza ni tatizo."

Bi_Fasiri
Mke wa mwalimu mwenye mapacha! Kijijini kwake ushamtaja jina. Andika "Mama 08, miaka 20–24". Na kwa Mama 03 toa Mirerani, weka [mgodini] kwenye mabano ya mraba ili ijulikane kuwa umebadilisha wewe.

Karani_wa_Sura_ya_Nne
Bi Fasiri amemaliza la lebo. Sentensi yako ya mwisho imerudia ya kwanza. Tazama nukuu ina nini ambacho hujakisema: mama alifika. Kituo kitamwandika kama amechelewa, na hudhurio lake la kwanza lililokataliwa halipo popote. Ningeiandika hivi:

"Kwa baadhi ya washiriki, kuchelewa kulianzia kituoni. Mama 08 alifika peke yake akaambiwa 'rudi na mwenzako au lete barua ya mtendaji' (miaka 20–24). Mama 03 hakuondoka nyumbani kabisa; kwa kulijua sharti hilo, alimsubiri mwenza wake aliyekuwa mgodini hadi mimba ikafika miezi mitano. Kwa wote wawili, utayari wa mama ulikuwepo kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye kadi."

Nukuu fupi iingize ndani ya sentensi yako. Ikifika maneno 40 ndipo uishushe peke yake.

TakwimuKwanza
Nakubali ya asilimia. Lakini "baadhi" ni wangapi? Mtahini atauliza. "4 kati ya 14" ina ubaya gani?

Karani_wa_Sura_ya_Nne
Hapo una hoja. Wapo wanaoandika namba na wapo wanaoikataa katakata, kwa sababu mama asiyetaja jambo si kwamba halikumpata. Mimi sipendi namba, ila "wengi" bila maelezo ni mbaya zaidi. Amuulize msimamizi wake, kisha ashike njia moja sura nzima.

Mwanagenzi_Moro
Sawa. Na Mama 12, aliyewahi? Nimtoe? Hajachelewa, anaharibu dhamira.

Bi_Fasiri
Usimtoe, mwanangu. Orodha ya COREQ ya kuripoti tafiti za mahojiano, ile ya vipengele 32, inauliza kama umeeleza visa vinavyotofautiana.

Karani_wa_Sura_ya_Nne
Mweke mwishoni mwa (c), karibu na Mama 11. Mmoja anaficha mimba ili isidhurike, mwingine anaiwahisha kliniki ili isidhurike. Hofu ni ile ile. Ila kuna swali huyu anakuletea: yeye alipokewaje bila kurudishwa? Alikwenda na mwenza?

Mwanagenzi_Moro
Sikumuuliza. Ngoja nisikilize sauti yake tena usiku huu.