Tupeane uzoefu: siri ya mteja ikishabandikwa kwenye gumzo, mlifanyaje?

MamaZamu: Wakuu, habari za kazi. Nasimamia timu ya huduma kwa wateja. Juzi niliwaandikia vijana wangu ujumbe huu, nauweka kama ulivyo:

"Ndugu zangu, kuanzia leo siri ya mteja isibandikwe kwenye gumzo la akili mnemba: nywila, tokeni, ufunguo wa API, namba ya kitambulisho. Unachobandika kinabaki kwenye seva za mtoa huduma hata ukifunga dirisha. Ukikosea, niambie siku hiyo hiyo. Kwa kuniambia hutaadhibiwa. Kitakachoniumiza ni kusikia kwa mteja kwanza."

Chanzo ni hiki. Kijana wa zamu ya usiku alikuwa na mteja ambaye malipo yake yanagoma. Akanakili logi, mistari kama mia mbili, akaibandika yote aulize kosa liko wapi. Akajibiwa vizuri, malipo yakapita, akaenda kulala. Asubuhi napitia kazi yake, katikati nakuta hii:

```
POST /v1/malipo 500
Authorization: Bearer eyJhbGciOi...
```

Tokeni ya mteja, nzima, na bado inafanya kazi. Kijana hakuwa na nia mbaya, alitaka kusaidia. Yaliyowahi kuwapata nanyi semeni.

Kibogoyo_77: Mbona jambo dogo? Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kukataa mazungumzo yako yasitumike kufundishia. Mimi nilizima zamani, nabandika bila hofu.

FundiSeva: Kibogoyo, hapo umepatia nusu. Kukataa kufundishia ni jambo moja, kuhifadhi ni jingine. OpenAI, wenye ChatGPT, wanaeleza wenyewe kwamba gumzo ulilofuta huondolewa kwenye mifumo yao ndani ya siku 30, si papo hapo. Na Mei 2025, katika kesi ya New York Times, mahakama ya Marekani iliwaamuru watunze hata mazungumzo ambayo watumiaji walishayafuta. Amri hiyo ilikoma Septemba, lakini miezi yote hiyo kitufe cha kufuta hakikuwa na maana uliyodhani.

MamaZamu, mimi yalinikuta kama hayo, na kosa langu lilikuwa kukimbilia kufuta gumzo. Kwanza ua tokeni, kufuta baadaye. Sasa angalia, hiyo inayoanza na `eyJ` ni JWT. Sehemu yake ya katikati haijafichwa, imeandikwa kwa base64 tu, yeyote anaweza kuifungua akasoma. Humo tafuta `exp`, ndiyo saa itakapokufa. Ugumu wake ni kwamba mifumo mingi haiwezi kuua JWT moja. Inaangalia sahihi na muda, basi. Kama hamna orodha ya tokeni zilizokataliwa, inabaki kubadili ufunguo wa kutia sahihi, na hapo kila mteja anatupwa nje aingie upya. Kama `exp` imebakiza dakika kumi, subirini. Kama ni siku tisini, badilisheni. Halafu pitieni logi tangu saa ile ya kubandika: je, tokeni hiyo imetumika kutoka anwani msiyoijua?

Dada_Rehani: Nilidhani mnasema makundi ya WhatsApp! Kwetu nywila ya mteja ilitumwa kwenye kundi la kazi. Aliyeacha kazi tulimtoa kwenye kundi, lakini ujumbe ule anao kwenye simu yake mpaka leo. Ilibidi tubadili nywila.

FundiSeva: Dada, mzizi ni ule ule. Hata mafaili ya HAR, yaani rekodi za kivinjari tunazowaomba wateja, hubeba vidakuzi vya kuingilia. Oktoba 2023 Okta, kampuni ya mifumo ya kuingilia akaunti, walitangaza kwamba mvamizi alifikia mafaili ya namna hiyo kwenye mfumo wao wa huduma kwa wateja, na Novemba wakaeleza kwamba alitumia tokeni zilizomo kuteka vikao vya wateja watano.

Mzee_wa_Zamu: Sisi hatujakataza, maana ukikataza kabisa watu wanatumia simu zao binafsi na hujui lolote. Tunasafisha kwanza:

```
sed -E 's/(Bearer )[A-Za-z0-9._-]+/\1SIRI/g' logi.txt > safi.txt
```

Majina tunabadili kuwa MTEJA_A, MTEJA_B, yule yule jina lile lile faili zima, la sivyo majibu yanachanganyika. Ila amri hii inakamata unachokijua tu. Mteja akiandika kwa maneno yake "nywila yangu ni fulani", inapita hivi hivi, kwa hiyo mtu lazima asome kwa macho.

Kibogoyo_77: Sawa, nimeelewa. Ila kumwambia mteja? Kama haikutumika na mtu, si mnamtia hofu bure?

Mzee_wa_Zamu: Tokeni ni yake. Aambiwe.

FundiSeva: Mimi ningetazama mkataba kwanza. Mingine inataja kabisa muda wa kutoa taarifa.

MamaZamu: `exp` ilikuwa imebakiza siku sitini na moja. Tumebadili ufunguo, simu zimelia asubuhi nzima. Logi hazina anwani ngeni. Mteja nilimpigia mwenyewe saa nne. Alinisikiliza, kisha akauliza kama naweza kumhakikishia kwamba yale maandishi hayapo tena kule. Nikamwambia siwezi. Mliowahi kuulizwa hivyo mlijibu nini?